Kengele Iliyojizima Yenyewe: Uchambuzi wa Kisa cha Nakala ya Hifadhidata Iliyobaki Nyuma

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Mwongozo wa zamu uliotumika usiku wa kisa hiki niliuandika mimi. Ulikuwa na hatua sita, ulipitiwa na watu wawili kabla ya kukubaliwa, na mhandisi aliyekuwa zamu aliufuata kama ulivyoandikwa. Hata hivyo, ulimfikisha mahali ambapo seva kuu ya hifadhidata ilibakiwa na dakika zisizozidi 25 kabla diski yake haijajaa. Ninaeleza kisa chote kwa mpangilio wa saa ili msomaji aone ni hatua gani hasa zilikosekana. Jina la kampuni, majina ya wahusika na tarehe vimeondolewa. Saa zote ni za Kiswahili, kwa hiyo saa 8 usiku ndiyo 02:00 inayosomeka kwenye logi.

Mazingira

Kampuni inauza tiketi za mabasi kwa njia ya simu na kupitia mawakala. Hifadhidata yake ni PostgreSQL 14, nayo ina seva tatu. Seva kuu ndiyo inayopokea maandishi yote. Nakala ya kwanza ni ya akiba: haisomwi na mtu, inangoja tu kushika nafasi ya seva kuu ikianguka. Nakala ya pili ni ya ripoti, na humo ndimo watu wa hesabu hutafuta takwimu zao na mawakala huona jumla ya mauzo ya siku.

Kila badiliko kwenye seva kuu huandikwa kwanza katika logi ya WAL, ambayo hukatwa katika mafaili ya MB 16 ndani ya saraka ya `pg_wal`. Nakala huipokea logi hiyo kwa mtandao, huiandika kwenye diski yake, kisha huitekeleza rekodi moja baada ya nyingine. Kupokea na kutekeleza ni kazi za michakato miwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha kisa hiki: nakala inaweza kuendelea kupokea vizuri kabisa huku utekelezaji umesimama.

Kila nakala ilikuwa na sloti yake kwenye seva kuu. Sloti ni ahadi ambayo seva kuu huiweka, kwamba haitafuta faili lolote la WAL ambalo nakala husika haijathibitisha kulipokea. Ahadi hiyo haikuwa na kikomo, kwa sababu `max_slot_wal_keep_size` ilikuwa imeachwa katika thamani yake ya kawaida, yaani -1.

Kulikuwa na mpangilio mmoja zaidi, uliowekwa miezi kadhaa nyuma kwa nia njema. Watu wa hesabu walikuwa wamelalamika kwamba ripoti zao ndefu hukatwa katikati kwa ujumbe wa `canceling statement due to conflict with recovery`. Ili kuwaridhisha, `max_standby_streaming_delay` kwenye nakala ya ripoti ilitolewa kwenye sekunde 30 za kawaida na kuwekwa -1. Maana yake ni kwamba swali la msomaji likigongana na utekelezaji wa WAL, utekelezaji ndio unaongoja, tena bila mwisho.

Kengele ilisomwa kwenye seva kuu. Ilipima ni baiti ngapi za WAL ambazo nakala haijazitekeleza, kwa kutazama `pg_stat_replication`, na ililia pale tofauti ilipovuka GB 5 kwa dakika tano mfululizo.

Yaliyotokea, kwa mpangilio wa saa

Saa 7:30 usiku ilianza kazi iliyopangwa ya kufuta tiketi za zamani kwenye seva kuu. Ilifuta kwa mafungu, na baada ya mafungu kadhaa iliendesha `VACUUM` ili kurudisha nafasi. Kazi hiyo ilizalisha takriban GB 1 ya WAL kwa dakika, wakati usiku wa kawaida huzalisha kama MB 50.

Saa 7:50 mtu wa hesabu, aliyekuwa akifunga mwezi, alianzisha swali kubwa la ripoti kwenye nakala ya ripoti. Swali hilo liliiona hifadhidata kama ilivyokuwa saa 7:50, na lilikuwa na haki ya kuendelea kuiona hivyo mpaka liishe.

Saa 8:02 rekodi za `VACUUM` ziliifikia nakala. Rekodi hizo ziliagiza kuondolewa kwa safu zilizofutwa baada ya saa 7:50, ambazo kwa macho ya lile swali bado zilikuwa hai. Nakala ilipaswa kuchagua kati ya kuliua swali na kungoja, na kwa mujibu wa -1 tuliyoiwekea, ikangoja. Tangu dakika hiyo hakuna rekodi iliyotekelezwa. Mchakato wa kupokea uliendelea kupokea GB 1 kila dakika na kuirundika kwenye diski ya `pg_wal` ya nakala, ambayo ilikuwa ya GB 60 na tayari ilikuwa na GB 8 ndani yake.

Saa 8:12 kengele ililia. Mhandisi wa zamu aliipokea dakika tatu baadaye na kufungua mwongozo. Hatua ya kwanza ilimwambia akague mtandao, ulikuwa mzima. Hatua ya pili ilimwambia akague mzigo wa nakala. Prosesa ilikuwa chini ya asilimia 10 na usomaji wa diski ulikuwa mdogo. Hatua ya tatu ilisema hivi, na ninainukuu kwa sababu ni maneno yangu: "Kama mtandao ni mzima na mzigo ni mdogo, ipe nakala hadi saa moja ijikokote yenyewe."

Saa 8:30 alitazama tena. Nakala ilikuwa nyuma kwa GB 28. Aliandika kwenye shajara ya zamu kwamba kazi ya kufuta tiketi inaendelea na kwamba anatarajia nakala kushika mwendo kazi hiyo itakapopungua. Lilikuwa ni hitimisho la maana kwa mtu aliyepewa vipimo viwili tu.

Saa 8:54 diski ya `pg_wal` ya nakala ilijaa. Mchakato wa kupokea ulijaribu kufungua faili jipya, ukashindwa, ukafa. Logi ya nakala iliandika:

```
FATAL:  could not write to file "pg_wal/xlogtemp.4121":
        No space left on device
```

Nakala yenyewe haikuanguka. Iliendelea kujibu maswali, na swali la ripoti liliendelea kusaga. Lakini muunganisho wake na seva kuu ulikatika, na muunganisho ukikatika, mstari wa nakala hiyo hutoweka katika `pg_stat_replication`. Kengele ilikuwa ikisoma mstari ule. Haukuwepo tena, basi hakukuwa na namba ya kuvuka GB 5.

Saa 8:59 simu ya mhandisi ilipokea ujumbe kwamba tatizo limetatuliwa. Aliandika "imejirudi" kwenye shajara, akalala.

Kutoka hapo mzigo ulihamia seva kuu bila kelele yoyote. Sloti ya nakala ya ripoti haikuwa na mtu wa kuipokelea, na ahadi ilibaki pale pale: usifute kitu. Diski ya `pg_wal` ya seva kuu ilikuwa ya GB 120, na kwa kawaida hutumia GB 14. Ilianza kupanda kwa GB 1 kila dakika.

Saa 10:16 alfajiri ililia kengele ya pili, ya diski ya seva kuu iliyofika asilimia 80. GB 96 zilikuwa zimetumika, zikibaki 24, na kwa mwendo ule hizo zilikuwa dakika 24. Diski ya `pg_wal` ikijaa kwenye seva kuu, PostgreSQL haipunguzi mwendo wala haikatai maandishi kwa upole. Inasimama, na kuuza tiketi kunasimama pamoja nayo.

Maamuzi na sababu zake

Saa 10:22 mhandisi alimpigia mkuu wa hifadhidata. Nimesikiliza rekodi ya simu ile, kwa sababu mstari wa dharura hurekodiwa.

"Shikamoo dada, samahani kwa kukuamsha. Diski ya seva kuu imefika mia moja na mbili kati ya mia na ishirini, na sijui kinachoijaza."

"Marahaba. Kabla ya kujua kinachoijaza, niambie inapanda kwa kiasi gani kwa dakika, na ni kazi gani inaandika sasa hivi."

Swali hilo lilikuwa na mambo mawili, na jibu lake ndilo lililookoa usiku. Inapanda kwa GB 1 kwa dakika. Inayoandika ni kazi ya kufuta tiketi za zamani. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuisimamisha kazi hiyo, ambayo ingeweza kuanza tena usiku wowote bila hasara. Ilisimama saa 10:27, diski ikiwa na GB 107. Mwendo ulishuka hadi MB 50 kwa dakika, na GB 13 zilizobaki, ambazo dakika moja kabla zilikuwa robo saa, sasa zilikuwa zaidi ya saa nne.

Uamuzi wa pili ulitokana na kutazama sloti, jambo ambalo mwongozo haukulitaja popote:

```sql
SELECT slot_name, active, wal_status,
       pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(
         pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) AS imebakizwa
FROM pg_replication_slots;
```

Sloti ya nakala ya ripoti ilionyesha `active` kuwa `f`, ikiwa imebakiza zaidi ya GB 90. Mhandisi alipendekeza ifutwe. Ingekuwa suluhisho la sekunde moja kwa seva kuu, lakini ingemaanisha kuijenga nakala ya ripoti upya tangu mwanzo, kazi ambayo kwa ukubwa wa hifadhidata ile huchukua nusu siku. Wakiwa na saa nne mkononi, mkuu alikataa. Ninasisitiza kwamba hakukataa kwa sababu kufuta sloti ni kosa siku zote. Kama kazi ya kufuta tiketi isingeweza kusimamishwa, na dakika zilizobaki zingekuwa kumi, kufuta sloti kungekuwa ndio uamuzi sahihi: nakala ya ripoti hujengwa upya, lakini tiketi ambazo hazikuuzwa alfajiri hazirudi.

Uamuzi wa tatu ulifanyika kwenye nakala. Hapa ndipo chanzo kilipoonekana kwa mara ya kwanza, zaidi ya saa mbili baada ya kengele:

```sql
SELECT pid, backend_type, wait_event,
       now() - xact_start AS muda
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type IN ('startup', 'client backend')
ORDER BY xact_start;
```

Mchakato wa `startup`, ambao ndio unaotekeleza WAL, ulikuwa ukingoja `RecoveryConflictSnapshot`. Mstari mwingine ulionyesha swali lililoanza saa mbili na dakika arobaini zilizopita. Mwenye swali hakupatikana kwa simu. Saa 10:31 swali lilikatwa kwa `pg_terminate_backend`, na katika sekunde ile ile prosesa ya nakala ilipanda kutoka asilimia 8 hadi moja ya prosesa zake ikafanya kazi kwa ukamilifu. Utekelezaji wa WAL ni kazi ya mchakato mmoja, basi prosesa moja iliyoshiba ndiyo sura ya nakala inayojitahidi. Sura iliyoonekana saa 8:15, ya mashine iliyotulia huku deni linapanda, ilikuwa ni sura ya nakala iliyofungwa.

Saa 10:40 palitokea wasiwasi ambao nataka kuueleza taratibu, kwa sababu ungeweza kuharibu yote. Mhandisi alitazama sloti tena na kukuta bado ni `f`. Dakika tisa zilikuwa zimepita tangu swali likatwe. Alidhani nakala imeshindwa kabisa, na kwa mara ya pili alipendekeza sloti ifutwe. Mkuu alimwambia atazame `pg_last_wal_replay_lsn()` mara mbili kwa tofauti ya sekunde kumi. Namba ilikuwa ikisonga. Sababu ni kwamba nakala iliyopoteza mchakato wa kupokea humaliza kwanza WAL yote iliyokwisha kuandikwa kwenye diski yake, ndipo iombe muunganisho mpya. Ilikuwa na GB 52 za kumaliza, ikizila kwa GB 3 kwa dakika, hivyo ilihitaji dakika 17 au 18 za kimya halali kabisa. Saa 10:49 sloti ilirudi kuwa `t`.

Muda huo wa kimya haukupotea bure. Mkuu alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya kitakachofuata: mtandao ungeweza kuleta GB 7 kwa dakika wakati utekelezaji unameza 3, basi diski ya GB 60 ingejaa kwa mara ya pili kabla ya deni kwisha. Waliongeza diski ya `pg_wal` ya nakala hadi GB 120 kabla muunganisho haujarudi.

Matokeo

Kufikia saa 11:04 alfajiri nakala ilikuwa imepokea deni lote, na seva kuu ilianza kufuta mafaili ya zamani katika kila chekipointi. Saa 11:22 utekelezaji ulifika mahali ulipo uandishi wa sasa wa seva kuu. Uuzaji wa tiketi haukusimama hata mara moja. Madhara yaliyowafikia watu yalikuwa mawili: mawakala waliofungua jumla ya mauzo kati ya saa 8:02 na alfajiri waliona takwimu zilizoganda, na mtu wa hesabu alipoteza swali lake la karibu saa tatu. Tulimwandikia asubuhi na kumweleza sababu, naye alikuwa na haki ya kuelezwa, kwani ni sisi tuliomwahidi kwamba halitakatwa.

Uchambuzi: kilichofaa

Kengele ya diski ya seva kuu ilikuwa huru na kengele ya nakala. Kama zote mbili zingetegemea mstari ule ule wa `pg_stat_replication`, hakuna ambaye angeamshwa.

Mpangilio wa maamuzi baada ya simu ulikuwa sahihi. Kwanza walinunua muda kwa kusimamisha kitu kinachoweza kurudiwa, kisha wakatafuta chanzo, na kitendo kisichorudishika kikabaki cha mwisho. Mhandisi alikiri kwa maneno mepesi kwamba hajui kinachojaza diski, na alikiri mapema. Mkuu ameniambia kwamba kauli hiyo ilimwokolea dakika tano za kuuliza alichokwisha kujaribu.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kosa la kwanza lilikuwa la kengele. Kipimo kinachotoweka wakati hali inapokuwa mbaya zaidi hakifai kutoa tamko la kutatuliwa. Nakala iliyo nyuma kwa GB 50 ni tatizo. Nakala isiyoonekana kabisa ni tatizo kubwa zaidi, na kwa kengele yetu la pili lilisomeka kama uzima. Sasa kukosekana kwa mstari wa nakala inayotarajiwa ni kengele kwa nafsi yake, na kengele ya kubaki nyuma haijizimi mpaka mstari uwepo na namba iwe ndogo.

Kosa la pili lilikuwa la hatua yangu ya tatu. Niliandika kwamba mzigo mdogo ni dalili ya kungoja. Nilikuwa nimewahi kuona nakala zilizozidiwa na kazi, ambazo huhitaji muda tu, na nikaandika mwongozo wa hali hiyo peke yake. Nakala iliyozidiwa haiwi na mzigo mdogo. Mzigo mdogo pamoja na deni linalopanda humaanisha kwamba kitu kimeshikilia mlango, na kungoja hakumwondoi aliyeushikilia.

Kosa la tatu lilikuwa la mipangilio miwili ambayo kila mmoja peke yake ulikuwa na utetezi. Kungoja bila kikomo kwenye nakala kulilinda ripoti. Kubakiza bila kikomo kwenye seva kuu kulilinda nakala. Vilipokutana, ripoti ya mtu mmoja ilipata njia ya wazi ya kuisimamisha seva inayouza tiketi. Tumeweka `max_standby_streaming_delay` kuwa dakika 15 na `max_slot_wal_keep_size` kuwa GB 70. Kikomo cha pili kina gharama tunayoijua: nakala ikikatika kwa muda mrefu mno, sloti yake itasomeka `lost` na italazimika kujengwa upya. Tumekubali gharama hiyo kwa hiari. Tulifikiria pia kuwasha `hot_standby_feedback`, ambayo ingeizuia seva kuu kusafisha safu ambazo nakala bado inazitazama, lakini ingehamishia uzito wa ripoti ndefu kwenye majedwali ya tiketi, nayo tukaiacha.

Mwongozo wa zamu uliotokana na kisa

Mwongozo mpya unaanza na swali ambalo mkuu aliuliza kwenye simu. Kabla ya kutafuta chanzo, mhandisi hukagua diski ya `pg_wal` ya seva kuu na ya nakala, hupima zinapanda kwa kiasi gani kwa kutazama mara mbili kwa tofauti ya dakika moja, kisha hugawanya nafasi iliyobaki kwa mwendo huo. Jibu huandikwa kwenye shajara kwa dakika, na ndilo linaloamua ni nani wa kuamshwa. Usiku ule, saa 8:15, hesabu hiyo ingempa dakika 39 kwa nakala, na asingelala.

Hatua ya pili ni kuthibitisha kwamba nakala imeunganishwa: mstari wake upo, na sloti yake ni `t`. Kama haupo, mhandisi husoma logi ya nakala kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya tatu ni kujua deni limekaa wapi, nayo hujibiwa na amri moja kwenye seva kuu:

```sql
SELECT application_name, state,
  pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), sent_lsn) AS haijatumwa,
  pg_wal_lsn_diff(sent_lsn, flush_lsn)  AS haijaandikwa,
  pg_wal_lsn_diff(flush_lsn, replay_lsn) AS haijatekelezwa
FROM pg_stat_replication;
```

Deni likiwa katika safu wima ya kwanza, seva kuu au mtandao ndio wa kutazamwa. Likiwa katika ya pili, ni mtandao au diski ya nakala. Likiwa katika ya tatu, mtandao hauhusiki kabisa, na mhandisi huenda moja kwa moja kwenye nakala. Usiku wa kisa, safu wima mbili za kwanza zingekuwa karibu na sifuri na ya tatu ingekuwa GB 13, na dakika zilizotumika kukagua mtandao zingeokolewa.

Hatua ya nne hufanyika kwenye nakala, kwa ile amri ya `pg_stat_activity` iliyotangulia. Mchakato wa `startup` ukiwa unangoja mgongano, mhandisi ana ruhusa ya kulikata swali linalosababisha bila kuuliza mtu, mradi aandike `pid`, mtumiaji na matini ya swali kwenye shajara. Ukiwa haungoji kitu na prosesa moja imeshiba, nakala imezidiwa, na hapo ndipo kungoja kuna maana, kwa kupima kila dakika kumi kama deni linapungua. Hukaguliwa pia kama kuna mtu aliyesimamisha utekelezaji kwa mkono na kusahau. `pg_is_wal_replay_paused()` hujibu hilo.

Mahali pa kupandisha suala sasa hupimwa kwa dakika zilizobaki. Zikiwa zaidi ya 120 mhandisi huendelea peke yake. Zikiwa chini ya 120 kwenye diski yoyote kati ya mbili, humwamsha mkuu wa hifadhidata hata kama anadhani amekwisha kupata chanzo. Zikiwa chini ya 30 kwenye seva kuu, husimamisha kwanza kazi zote za mafungu zilizoorodheshwa kuwa zinaweza kurudiwa, kisha ndipo apige simu. Zikiwa chini ya 10, mkuu au naibu wake huamua kuhusu kufuta sloti. Na kama wote wawili hawapokei simu, mhandisi anafuta sloti ya nakala ya ripoti mwenyewe, na mwongozo unatamka wazi kwamba hatalaumiwa. Sloti ya nakala ya akiba haifutwi na mtu mmoja kwa hali yoyote.

Kuna mambo mawili yasiyofanywa kabisa. La kwanza ni kufuta mafaili ndani ya `pg_wal` kwa mkono ili kupata nafasi. La pili ni mtu mmoja kufuta saraka ya data ya nakala ili kuijenga upya usiku. Hili la pili lina mfano unaojulikana wazi: tarehe 31 Januari 2017, huko GitLab, mhandisi aliyekuwa akishughulikia nakala iliyobaki nyuma alikusudia kufuta saraka ya data ya nakala, akaifuta ya seva kuu. Alipoikatiza amri, kati ya takriban GB 300 zilibaki kama GB 4.5, na data ya karibu saa sita ilipotea. Kwetu, ujenzi wa nakala hufanywa mchana na watu wawili, mmoja akisoma jina la seva kwa sauti kabla mwenzake hajabonyeza kitufe.

Jambo ambalo bado halijafungwa

Dakika 15 tulizozipa ripoti hazitoshi kwa ufungaji wa mwezi. Watu wa hesabu wametuonyesha maswali mawili yanayohitaji dakika 50 hadi 70, na hayawezi kugawanywa bila kuandikwa upya. Kwa sasa tumekubaliana kwamba siku tatu za mwisho wa mwezi kazi ya kufuta tiketi haiendeshwi, na kikomo cha nakala ya ripoti hupandishwa hadi dakika 90 kwa siku hizo peke yake. Kwa mwendo wa kawaida wa MB 50 kwa dakika, dakika 90 za kungoja hurundika GB 4.5, ambazo hata diski ya zamani ya GB 60 ingezibeba. Kengele ya GB 5 haitalia kwa sababu hiyo, ila ufutaji ukiendeshwa kwa makosa katika siku hizo, italia baada ya dakika kumi.